Jaribio la Awali katika Uwekaji wa Nyaraka za Karatasi Kwenye Kompyuta: Muda, Gharama na Kiwango cha Makosa

Jaribio la awali hufanywa ili kukadiria kazi nzima kutokana na kurasa chache. Makadirio hayo hupotoka sampuli inapochukuliwa kutoka kwenye sanduku la kwanza pekee, kwa kuwa mara nyingi ndilo lenye karatasi nzima na safi. Kwa hiyo, nyaraka hugawanywa kwanza katika matabaka kulingana na hali yake, kisha kurasa huteuliwa kwa nasibu katika kila tabaka.

Chukulia mfano wa hifadhi yenye kurasa 60,000: 45,000 zilizopigwa taipu vizuri, 12,000 za nakala za kaboni zilizofifia, na 3,000 za mkono zilizojalidiwa. Kila tabaka linatolewa kurasa 100. Muda unapimwa tangu kuondoa pini na kunyoosha karatasi, kuskani na kulipa faili jina, hadi kukagua picha. Wastani unaopatikana ni dakika 1.5, 3 na 6 kwa ukurasa.

Kwa kuwa matabaka hayalingani kwa ukubwa, kila wastani huzidishwa kwa idadi ya kurasa za tabaka lake. Jumla ni dakika 121,500, yaani saa 2,025. Ikiwa saa moja ya kazi hulipwa shilingi 5,000, ujira utafikia shilingi 10,125,000. Mtafiti ambaye angechukua wastani wa kawaida wa dakika 3.5 angepata saa 3,500. Naye ambaye angepima nusu dakika ya kuskani tu angepata saa 500, na fedha zingekwisha kazi ikiwa bado mbichi.

Kiwango cha makosa hupimwa kwa kulinganisha matini iliyosomwa na kompyuta na matini iliyonakiliwa kwa uangalifu na binadamu. Herufi zilizobadilishwa, zilizoachwa na zilizoongezwa hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya herufi za matini sahihi. Makosa 20 katika herufi 2,000 ni asilimia 1. Kiwango hicho huonekana kidogo, lakini makosa hayo yakitawanyika yanaweza kuharibu maneno 20 katika ukurasa wenye maneno yapatayo 300, na jina lililoharibika halipatikani mtu anapolitafuta.

Kutokana na hali hiyo, kikomo cha makosa huwekwa kabla ya jaribio kuanza. Tabaka linalokivuka, kama vile nakala za kaboni, linaweza kuhifadhiwa kama picha pamoja na orodha iliyoandaliwa kwa mkono.

Aidha, watendaji huongeza kasi kadiri wanavyozoea kazi. Vipimo vya nusu ya kwanza ya jaribio vikitofautiana sana na vya nusu ya pili, kasi bado haijatulia, na jaribio halina budi kuendelea kabla ya bajeti kuandikwa.