Pete Isiyo na Pa Kukata

Pete ya dhahabu tupu ikimbana mwenyewe, sonara haoni taabu. Huikata upande wa kiganjani, huitanua, hupachika kipande cha dhahabu ya karati ileile, hulehemu, kisha hupiga tupa na kung'arisha. Kazi ikitoka kwa mkono mzuri, hata jicho zoefu halioni kiungo kilipo. Yote hayo yanawezekana kwa sababu pete ina mahali patupu pa kukata. Pete iliyozungushiwa vito mduara mzima haina mahali hapo, na wateja wengi hawalijui hilo mpaka kidole kinenepe.

Chukua pete ya almasi ndogo, kila moja ina upana wa milimita 2, zimepangwa bila kuacha nafasi. Kipenyo chake cha ndani ni milimita 16.5, yaani mzunguko wa ndani kama milimita 51.8. Mwenyewe amejifungua, kidole kimejaa, sasa anahitaji kipenyo cha milimita 17.3. Kwa macho tofauti ni ndogo mno, lakini kwenye mzunguko inafika milimita 2.5. Pengo hilo linazidi almasi moja na halitoshi mbili. Sonara atalazimika kung'oa vito kadhaa, aongeze kimoja, na nafasi inayobaki aifiche kwa chuma kitakachoonekana.

Pengo si tatizo kubwa kuliko yote. Kila almasi imekaa kwenye kishimo kilichochongwa kufuata mviringo wa pete ileile. Pete ikikatwa na kufunguliwa iwe kubwa, upinde wake hulegea, na upande wa nje ambako vito vimekaa hujibana. Almasi husukumana ubavu kwa ubavu. Ni ngumu, ndiyo, lakini ukingo wake mwembamba humeguka ukigongana na almasi nyingine. Pete ikipunguzwa mambo hugeuka: nje hutanuka, vikucha vinavyoshika vito huachia. Wapo mafundi wanaokwepa kukata kwa kuisukuma pete nzima kwenye mti wa chuma hadi itanuke. Hapo vishimo vyote hupanuka kwa pamoja, na almasi zinaweza kuanza kudondoka baada ya wiki chache, moja moja.

Moto nao una lake. Almasi ikipakwa dawa ya kuikinga huvumilia moto wa kulehemu. Tanzanaiti ya Mererani haivumilii; joto likibadilika ghafla hupasuka, kwa hiyo lazima itolewe kwanza. Mashine ya leza hupunguza joto, lakini haiwezi kuubadilisha ule mviringo wa vishimo.

Kuna pete nyingine ambayo kito chake huonekana kama kinaelea katikati ya ncha mbili za chuma. Kampuni ya Niessing ya Ujerumani ilianza kuitoa mwaka 1979. Hakuna kikucha, kito kinashikwa na nguvu ya chuma kilichokazwa kama springi, ndiyo maana huwekwa mawe magumu kama almasi, yakuti na rubi. Fundi akiipasha moto kawaida, chuma hulainika na kupoteza ule mkazo. Pete itarudi inang'aa, kito kipo mahali pake, kumbe hakishikwi tena na kitu. Mimi nisingempa fundi mwingine yeyote isipokuwa aliyeitengeneza, naye mara nyingi atakubali badiliko dogo tu, au atatengeneza mpya.

Pete za nakshi zina uafadhali kidogo. Kama jani moja la nakshi lina milimita 5, nyongeza ya milimita 2.5 itakuletea nusu jani. Nakshi ya mkono inaweza kuchongwa upya hapo kwenye kiungo, kwa gharama. Ile iliyomiminwa kwenye kalibu itabaki na kovu.

Ukirudishiwa pete ya vito, iweke karibu na sikio uigonge taratibu kwa kucha. Ukisikia mlio mdogo wa kucheza, kuna kito kilicholegea. Kisha ipitishe juu ya kitambaa cha pamba. Uzi ukinaswa, kuna kikucha kilichoinuka.

Ya kubana, dawa ya kweli ni kutengenezewa nyingine kwa vito vilevile na vya nyongeza. Inayolegea unaweza kuizuia kwa kuvaa juu yake pete nyembamba inayokubana sawasawa. Kwa anayenunua sasa, vito vinavyoishia nusu ya duara vinatosha: vinaonekana vyote mkono ukiwa umelala, na chini pamebaki dhahabu ya kukatwa, ingawa zaidi ya saizi mbili vya pembeni navyo huanza kulegea. Akitaka duara zima, apimwe kidole asubuhi na jioni, siku ya joto na ya baridi, tena kwa pete ya kupimia yenye upana uleule, kwa sababu pete pana hubana kuliko nyembamba ya saizi hiyohiyo.