Alama ya Kidole ya Kamera

Kihisi cha kamera ya kidijitali ni kipande chembamba cha silikoni chenye mamilioni ya vijisehemu viitwavyo pikseli. Kila pikseli hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Kiwandani hukusudiwa zote zilingane, lakini silikoni haina usawa wa namna hiyo: pikseli moja hutoka pana kuliko jirani yake kwa kiasi kidogo mno, nyingine huunaswa mwanga vizuri zaidi. Mwanga uleule ukizipiga, hii husoma juu kidogo na ile chini kidogo. Tofauti yenyewe ni kama asilimia moja, mara nyingi pungufu, na jicho haliioni. Ila hujirudia mahali palepale katika kila picha, na kihisi kingine cha aina ileile kina mpangilio wake.

Mwaka 2006 Jan Lukáš, Jessica Fridrich na Miroslav Goljan wa Chuo Kikuu cha Binghamton, jimboni New York, walichapisha utafiti uliotumia kamera tisa kuonyesha kwamba mpangilio huo unaweza kuihusisha picha na kamera iliyoipiga, hata miongoni mwa kamera za muundo mmoja.

Mathalani, wapelelezi wana picha moja ya kutilia shaka na simu tatu za toleo moja. Kazi huanza na simu. Kwa kila simu hupigwa picha kama 50 za kitu kisicho na umbo, kwa mfano anga lenye mawingu mepesi, bila kulenga vizuri, penye mwanga mwingi usiozidi kipimo. Kila picha hupitishwa kwenye chujio la kuondoa chembechembe, kisha picha iliyochujwa hutolewa kwenye ile ya awali. Kinachobaki ni takataka tupu kwa anayeitazama, na humo ndimo alama ilimojificha. Mabaki ya picha zote 50 yakitafutiwa wastani, chembechembe za kubahatisha, ambazo hubadilika kila picha, hupungua kama mara saba, na zile za kudumu hubaki. Wastani huo ndio alama ya kidole ya simu.

Picha yenye shaka nayo huchujwa, na mabaki yake huwekwa juu ya alama ya kila simu na kusogezwa hatua kwa hatua. Kama vimetoka kwenye kihisi kimoja, mfanano huruka ghafla mahali pamoja tu, mfano wa kilele kinachosimama peke yake uwandani. Wataalamu hupima nguvu ya kilele hicho dhidi ya uwanda unaokizunguka. Kizingiti kinachotumika sana ni 60.

Gizani ndiko njia hii inakopwaya kwanza, na hesabu yake ni nyepesi. Pikseli inayozidisha kwa asilimia moja ikipewa mwanga wa kipimo cha 200 husoma 202. Ikipewa 10, ingepaswa kusoma 10.1, lakini faili huandika namba nzima, kwa hiyo inabaki 10 na alama imepotea. Kwenye weupe uliopita kiasi hakuna nafuu: pikseli zote hugota kwenye 255. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp nayo hupunguzwa ukubwa na kubanwa; alama haifutiki yote, lakini mchunguzi hulazimika kutafuta kwanza ilipunguzwa kwa kiasi gani. Kwa hiyo kilele kikikosekana, simu haijasafishwa na tuhuma. Huenda picha ilikuwa duni tu.

Kosa la upande wa pili ni zito zaidi. Simu za kisasa hazihifadhi kile kihisi kilichoona. Programu zake huunganisha picha kadhaa, hunyoosha kingo na kufifisha mandhari ya nyuma. Programu moja ikiwa ndani ya simu nyingi, huacha michirizi inayofanana katika picha zake zote, na mashine huweza kuisoma kama alama ya simu moja. Mwaka 2021 Massimo Iuliani, Marco Fontani na Alessandro Piva wa Italia walieleza kwamba baadhi ya simu mpya za muundo mmoja zilitoa vilele vya uongo kwa wingi usiotarajiwa, juu ya kizingiti kilichoaminiwa kwa miaka.

Alama pia huweza kupandikizwa. Mwenye ujuzi akikusanya picha ambazo mtu amezitundika hadharani, anaweza kukokotoa alama ya kamera yake na kuibandika kwenye picha nyingine. Kuna njia za kuugundua wizi huo, lakini zinamtaka mchunguzi apate baadhi ya picha ambazo mghushi alizitumia.

Kwa hiyo ripoti ya kitaalamu inayotaja simu moja haijakamilika mpaka ieleze ni simu ngapi nyingine za toleo hilohilo zilizolinganishwa na picha ileile, na kila moja ilipata kilele cha kiasi gani.