Maji hayakuja, ankara ikaja

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima humwita Mwalimu. Jioni moja ya Agosti nilipita kumwamkia nikamkuta barazani na karatasi mbili mapajani. Moja ilikuwa ankara ya maji ya Julai, uniti 38. Nyingine ilikuwa barua aliyoiandika kulalamika, imejaa uchungu wa haki kabisa: wiki nne za mabomba makavu, madumu ya kununua, halafu deni kama la mwenye gereji ya kuosha magari. Alikuwa ameshaipeleka kwenye ofisi ya mamlaka ya maji ya mji wetu. Jibu lilikuwa sentensi moja, kwamba usomaji umehakikiwa na ankara ni sahihi.

"Mwanangu," aliniambia, "wamenijibu bila kunijibu."

Niliisoma barua ile mara mbili. Kila neno lilikuwa kweli, lakini hapakuwa na namba hata moja ambayo karani angeweza kuikagua. Alichoweza kukagua ni kitu kimoja tu: je, tarakimu zilizo kwenye ankara ndizo zilizo kwenye dira? Zilikuwa ndizo. Kwake yeye kazi iliishia hapo.

Na sisi ikabidi tuanzie hapo. Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Kwenye dira nyingi za majumbani tarakimu nyeusi ndizo uniti zinazolipiwa. Nyekundu ni vipande vya uniti. Ankara ya Mwalimu ilisema usomaji uliopita ni 1,412 na wa sasa ni 1,450. Tulifungua kifuniko tukakuta 1,452. Kwa hiyo msomaji hakuwa amekadiria akiwa ofisini, jambo ambalo hutokea na ndilo rahisi kuliko yote kulithibitisha: dira ikiwa nyuma ya ankara, picha moja ya simu humaliza ubishi. Bahati hiyo hatukuwa nayo.

Tukahamia kwenye uvujaji. Watu wengi hufunga koki zote, wakaitazama dira, wakaona imetulia, wakasema hakuna kinachovuja. Kwenye mgao kipimo hicho hudanganya, kwa sababu bomba lisilo na maji haliwezi kuvuja. Ni lazima usubiri maji yawepo. Yalipokuja, saa nane usiku, Mwalimu alifunga kila koki pamoja na ile ya tangi la choo, akamulika tochi kwenye kinyota kidogo kilicho usoni mwa dira. Hicho huzunguka hata kwa mtiririko mdogo sana. Hakikutikisika.

Baada ya hapo ndipo kalenda yake ya ukutani ilipogeuka kuwa ushahidi. Kwa mazoea ya ualimu, kila maji yalipofika aliandika saa yalipoanza na saa yalipokatika. Julai nzima yalikuja mara 9, na tulipojumlisha tulipata saa 34. Usiku uliofuata wa maji alijaza ndoo ya lita 20 kwa koki iliyofunguliwa hadi mwisho. Ilichukua dakika mbili. Hiyo ni lita 600 kwa saa. Zidisha kwa saa 34, unapata lita 20,400, yaani uniti 20 na kidogo.

Hebu tulia kwenye hesabu hiyo. Hata kama Mwalimu angeiacha koki wazi kila dakika ya maji ya mwezi mzima, yakamwagika uani, asingefikia uniti 38. Msukumo wa maji hubadilika usiku hadi usiku, kwa hiyo ndoo moja si kipimo cha maabara. Tulirudia siku mbili nyingine na tofauti ilikuwa ndogo. Malalamiko ya mgao, ambayo kwenye barua ya kwanza yalikaa kama huzuni pembeni ya deni, kumbe ndiyo yaliyokuwa hoja yenyewe ya kulipinga deni.

Kama si maji, ni nini kilichoizungusha dira? Mgao una jambo lake. Bomba kuu likikauka hujaa hewa. Maji yakirudi huisukuma hewa ile mbele, nayo hutafuta penye upenyo. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuiacha koki wazi juu ya ndoo ili mlio wa maji umwamshe. Bila kujua, aliifanya dira yake kuwa mlango wa hewa ya mtaa, na nyumba yake ipo mwinukoni, hewa hukimbilia huko. Dira ya kawaida yenye panga ndogo ndani haitofautishi maji na upepo. Mjukuu wake alirekodi video: bomba linakohoa na kufoka upepo mtupu kwa dakika 12, na tarakimu nyekundu zinapita lita 800 kabla tone la kwanza halijadondoka. Mara 9 za namna hiyo ni uniti 7 na ushee. Hazikutosha kuziba pengo lote, wala hatukujifanya zimetosha. Ilibaki dira yenyewe kupimwa.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Juu iliandikwa namba ya akaunti na namba ya dira, kisha: "YAH: KUPINGA ANKARA YA JULAI NA KUOMBA DIRA IPIMWE." Aya ya kwanza ilitaja matumizi ya Aprili, Mei na Juni: uniti 13, 12 na 14. Ya pili ilikuwa hesabu ya ndoo, na nakala ya kalenda nyuma yake. Ya tatu ilieleza kipimo cha uvujaji na video. Hakumtuhumu mtu. Aliandika, "Siombi kusamehewa deni. Naomba kujua maji haya yamepita wapi." Mwisho aliomba mambo matatu: dira ikapimwe na apewe matokeo kwa maandishi, apewe ratiba ya mgao wa eneo letu, na asikatiwe huduma wakati shauri likiendelea. Alilipa uniti 13, wastani wa miezi mitatu, akaambatanisha stakabadhi, ili asionekane mkaidi wa kulipa. Aliuliza pia ada ya kupima dira, kwani kwa kawaida mteja huigharamia ikionekana dira ni nzima.

Alikwenda na nakala mbili. Moja aliiacha, nyingine iligongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo una kazi. Kwa Tanzania, malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Asiporidhika, mteja huyapeleka EWURA, mdhibiti aliyeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, na lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo linalomsaidia mwananchi kuandaa shauri lake. Huko swali la mapema ni kama ulianza kwa mtoa huduma na alikujibu nini.

Mwalimu hakufika huko. Mafundi wawili walikuja, wakaifungua dira, wakafunga nyingine. Baadaye alipata barua kwamba ile ya zamani ilionekana kusoma zaidi ya kiwango na ankara ya Julai imerekebishwa kuwa uniti 13. Kuhusu ratiba ya mgao hakuna lililoandikwa, na hilo linaniuma, maana mabomba bado yanakauka na familia zenye watoto wadogo bado zinanunua madumu.

Amemwandikia tena meneja, barua fupi ya ratiba tu. Koki yake sasa hulala imefungwa. Huifungua akisikia kwa jirani wa bondeni maji yametulia. Na kalenda ya Septemba ina saa zake, kwa wino wa bluu.