Maneno Chini ya Video: Yanaipeleka Wapi?

Ukiskroli TikTok kwa nusu saa utakutana na pilau, bao la dakika za mwisho, mahubiri na tangazo la msiba, na chini ya zote nne utasoma maneno yaleyale: #fyp #foryou #viral #trending. Wanaoposti huyabandika kama hirizi, maana kuyaacha kunatia wasiwasi kuliko kuyaweka. Lakini alama reli, au hashtegi kama wengi tunavyoiita, haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Chris Messina alipoipendekeza Twitter mwezi Agosti 2007, alitaka mazungumzo ya jambo moja yakusanyike pamoja na yatengwe na mengine. Alama iliyo kwenye pilau na kwenye msiba haitengi kitu, na mtambo unaoisoma hauambulii habari yoyote kuhusu video.

Mwezi Juni 2020 TikTok wenyewe walieleza kwa maandishi namna wanavyochagua video za ukurasa wa For You. Walitaja makundi matatu ya taarifa. La kwanza ni matendo ya mtazamaji: alichokipenda, alichokituma kwa wengine, video aliyoitazama hadi mwisho. La pili ni taarifa za video, na humo ndimo yalimo maelezo ya chini, sauti na alama reli. La tatu ni lugha, nchi na aina ya simu. Uzito wake haulingani. Kumaliza video ndefu walikuita ishara nzito. Mtazamaji na mposti kuwa nchi moja wakakuita ishara nyepesi.

Sasa fikiria video iliyopandishwa dakika hii. Hakuna aliyeitazama, kwa hiyo kundi la kwanza ni tupu kabisa. Mtambo unapaswa kukisia ianze kuonyeshwa kwa nani, na kinachopatikana ni akaunti iliyoposti, sauti, picha yenyewe na maneno. Hapo ndipo maneno yana sauti yake. Watu mia mbili tatu wakishaitazama, matendo yao yanaanza kuzungumza kwa nguvu kuliko maelezo yoyote, na alama reli zinabaki nyuma. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba alama reli haziongezi sana idadi ya watazamaji. Desemba 2024 Instagram iliondoa hata uwezo wa kufuata alama reli, na mwaka 2025 TikTok ikaweka kikomo cha alama tano kwa posti moja.

Hata hivyo ukisio huo wa kwanza unaweza kudhuru. Fundi wa Kariakoo anayefundisha kwa Kiswahili akiweka #sewing, huenda video yake ikaanza kuonyeshwa kwa wapenzi wa ushonaji wasiojua neno hata moja la Kiswahili. Wataona kitenge kizuri, watasikia lugha wasiyoielewa, watapitisha kidole. Kwa mtambo, hao ni watazamaji walioikimbia video mapema, na hauna habari kwamba walikimbia lugha na wala si somo. Dalili yake inaonekana kwenye takwimu za posti: mstari wa wanaoendelea kutazama unaporomoka katika sekunde mbili za mwanzo, ilhali video nyingine za fundi huyohuyo hazina mporomoko huo.

Kuna pia maisha ya pili ya video, ambayo waposti wengi hawayafuatilii. Siku chache zikipita, For You inaiacha. Lakini binti wa Tandika anayetaka kumshonea mdogo wake nguo ya sikukuu anafungua kisanduku cha kutafutia na kuandika "jinsi ya kukata sketi ya solo". Hapo mtambo unafanya kazi nyingine. Hauulizi binti huyu hupenda nini. Unauliza video ipi inahusu alichokiandika. Video isiyo na neno "solo" popote, kwenye maelezo, kwenye maandishi ya juu ya picha wala mdomoni mwa fundi, ina nafasi finyu ya kutokea, hata kama ndiyo somo bora kuliko yote.

Je, tunaweza kuyapima haya badala ya kuyaamini? Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kuposti video ileile mara mbili kwa maelezo tofauti. Njia hiyo ina kasoro mbili. Mitandao hutambua marudio na huweza kuyapunguzia usambazaji, na wafuasi walioiona jana watairuka leo. Ya pili inaingia uwanjani ikiwa imechoka. Kubadilisha maelezo ya video iliyokwisha pandishwa nako hakusaidii, kwa sababu utazamaji hushuka wenyewe siku zinavyokwenda, na huwezi kujua kilichobadilika ni maneno au ni umri wa video. Kinachofaa ni video zinazofanana bila kuwa ileile, tena nyingi, na si mbili.

Kwa nini nyingi? Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo kila mposti angefaidika kulijua. Watu zaidi ya 14,000 walipewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wazisikilize na kupakua walizopenda. Baadhi waligawanywa katika makundi manane yasiyoonana, na ndani ya kila kundi mtu aliona wimbo gani umepakuliwa mara ngapi na wenzake. Nyimbo ni zilezile, wasikilizaji wamegawanywa kwa bahati nasibu, lakini wimbo mmoja ulishika nafasi ya kwanza katika kundi moja na ya 40 katika kundi jingine. Nyimbo bora sana hazikuanguka kabisa wala mbaya sana hazikupaa, ila za katikati ziliweza kuishia popote. Video fupi zinaishi katika mazingira ya namna hiyohiyo: wachache wa mwanzo wakiipenda, inapelekwa kwa wengi zaidi. Kwa hiyo mtu anayesema "niliweka alama hizi nikapata elfu ishirini" amesimulia tukio la kweli, lakini hajathibitisha chanzo chake.

Turudi kwa fundi wetu, na takwimu zinazofuata ni za mfano tu. Anatengeneza jozi sita za masomo: sketi ya solo ya mtoto na ya mtu mzima, kola mbili za aina moja, mikono miwili ya puto, na kuendelea. Kila video ina sekunde kati ya 25 na 30, imerekodiwa meza moja, haina muziki, imepandishwa saa moja jioni. Maandishi ya juu ya picha na maneno anayosema hayabadiliki mtindo. Katika kila jozi anarusha sarafu kuamua ipi ipate maelezo ya aina ya kwanza, "Kazi imeisha! #fyp #foryou #viral #trending", na ipi ipate ya aina ya pili, "Jinsi ya kukata sketi ya solo ya mtoto #sketiyasolo #ushonaji". Sarafu si mchezo hapa. Akichagua mwenyewe, video anayoipenda zaidi itapata maelezo anayoyaamini, na jaribio litakuwa limekufa kabla ya kuanza.

Kabla ya kuposti anaandika daftarini atapima nini: watazamaji waliotoka Search, kama takwimu za TikTok zinavyoonyesha chini ya Traffic source, baada ya siku 30. Siku mbili hazitoshi, kwani katika siku hizo karibu kila kitu kinatoka For You.

Siku 30 zikapita. Tuseme video za #fyp zimetazamwa mara 380, 410, 450, 520, 610 na 18,000. Zenye maelezo ya somo zimepata 360, 430, 470, 540, 590 na 700. Wastani wa kundi la kwanza ni 3,395, wa pili ni 515. Rafiki yake angeshangilia kwamba #fyp imeshinda zaidi ya mara sita. Lakini ushindi wote ni wa video moja. Ukizipanga na kuangalia ya katikati, kundi la kwanza lina 485 na la pili 505, yaani hakuna tofauti ya maana. Kwenye vitu vinavyopaa kwa bahati hivi, wastani hudanganya, na namba ya katikati ndiyo ya kuitazama.

Upande wa Search, video za #fyp zimepata watu 3, 4, 5, 6, 8 na 40. Wenzao wa jozi hizohizo wamepata 31, 58, 22, 44, 19 na 37. Maelezo ya somo yameshinda jozi tano kati ya sita. Ile iliyoshindwa ilikabiliana na video ya 18,000. Hapo kishawishi ni kikubwa. Watu 40 kati ya 18,000 ni kama wawili tu katika kila elfu, na 37 kati ya 590 ni zaidi ya 60 katika kila elfu, kwa hiyo akihamia kwenye uwiano, atakuwa ameshinda jozi zote sita. Hoja hiyo ina mantiki, lakini ameifikiria baada ya kuona majibu. Daftari linasema idadi, kwa hiyo matokeo ni tano kwa moja.

Je, tano kwa moja inatosha? Ukirusha sarafu mara sita, nafasi ya kupata kichwa mara tano au zaidi ni 7 kati ya 64, karibu mara moja katika kila majaribio tisa. Hiyo ni bahati inayotokea kila siku. Akiongeza jozi nyingine zikafika kumi, na maelezo ya somo yakashinda tisa, nafasi ya bahati tupu inashuka hadi 11 kati ya 1,024. Ila idadi ya jozi za nyongeza aipange kabla, asiendelee kuongeza hadi apate jibu linalompendeza.

Hata akishinda tisa kwa kumi bado hajui nini kilichofanya kazi, sentensi au alama zake, kwa sababu alivibadilisha vyote kwa pamoja. Mimi ningebashiri sentensi, kwani ndiyo inayofanana na anachoandika mtafutaji. Njia ya kujua ni mzunguko mwingine wa jozi ambapo sentensi ni ileile pande zote na alama ziko upande mmoja tu. Akumbuke pia kwamba kama maneno "sketi ya solo" yameshaandikwa juu ya picha na kutamkwa, mtambo unaweza kuyapata huko, na kuyaongeza chini kutaonyesha faida ndogo.

Tena jibu lake ni la ushonaji. Mchekeshaji wa Mombasa akilichukua kama lilivyo atapoteza muda, maana hakuna anayefungua simu kutafuta kichekesho asichokijua. Search yake itakaa karibu na sifuri hata aandike nini. Kwake kipimo ni sekunde tatu za mwanzo za video, na swali la kujaribu juu ya maneno ni moja tu: kuandika maelezo kwa Kiswahili badala ya Kiingereza kunabadilisha watu wangapi wanaobaki hadi mwisho.