Ndoo ya Vibali: Dhana ya Kudhibiti Kasi ya Maombi na Istilahi Zake

Miongoni mwa dhana za kompyuta zinazowatatiza wafasiri ni ile ya kuweka mpaka juu ya maombi ambayo seva hukubali kuyapokea kutoka kwa mtumiaji mmoja. Njia inayotumika sana katika kazi hiyo hufananishwa na ndoo. Tumeona kwamba ugumu wa kuipatia dhana hii istilahi hautokani na upungufu wa maneno, bali hutokana na kutofahamu ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya ndoo hiyo. Kwa hiyo tutaeleza kwanza jinsi inavyofanya kazi, ndipo tutaje maneno.

Tuchukue mfano wa duka la steshenari katika kata ya Kawajense, mjini Mpanda. Matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, wazazi hufika dukani ili wachapiwe matokeo ya watoto wao. Karani hufungua ukurasa wa shule katika tovuti. Kwa macho yake amefanya tendo moja. Lakini kompyuta yake hupeleka maombi mengi kwa pamoja: ombi la maandishi, la picha, la mpangilio wa kurasa, na kadhalika. Tuseme kila ukurasa huhitaji maombi 12. Baada ya hapo karani husoma na kuchapa, na kwa muda hakuna ombi linalotoka. Hii ndiyo tabia ya kawaida ya mtumiaji mwaminifu: maombi yake huja kwa mkupuo, kisha hufuata kimya.

Sasa tuseme msimamizi wa seva anataka kila anwani isizidi wastani wa maombi 30 kwa dakika. Njia nyepesi ni kuhesabu maombi ya kila dakika ya saa na kuanza upya dakika nyingine inapoingia. Njia hii ina kasoro. Mtu anaweza kupeleka maombi 30 katika sekunde ya mwisho ya dakika moja, na mengine 30 katika sekunde ya kwanza ya dakika inayofuata. Hajavunja sheria, lakini seva imepata maombi 60 katika sekunde mbili.

Ndoo huondoa kasoro hiyo. Kila anwani hupewa ndoo yake. Ndani ya ndoo hamna maombi, bali mna vibali. Vibali huingia kwa kasi moja isiyobadilika, na ndoo ikijaa, kibali kinachozidi hupotea. Kila ombi linapofika huchukua kibali kimoja na kupita. Likikuta ndoo haina kitu, hukataliwa au husubirishwa. Basi mambo yanayotawala ni mawili tu: ujazo wa ndoo, ambao ndio mpaka wa mkupuo, na kasi ya kujaza, ambayo ndiyo mpaka wa wastani.

Tuweke ujazo wa vibali 20, na kasi ya kibali kimoja kila sekunde mbili, yaani 30 kwa dakika. Karani afunguapo ukurasa wa kwanza, ndoo imejaa. Maombi 12 yanapita na vibali 8 vinabaki. Akifungua ukurasa wa pili baada ya sekunde 4, ndoo ina vibali 10. Maombi 10 yanapita na mawili yanakataliwa, hivyo ukurasa unatokea ukiwa na pengo. Lau angalisubiri sekunde 8 badala ya 4, vibali vingalikuwa 12 na ukurasa ungalitimia. Tangu ndoo ilipokauka, kurasa nzima zitapatikana moja kila sekunde 24, kwa kuwa ndio muda wa kukusanya vibali 12. Akipumzika sekunde 40, ndoo itajaa tena. Akipumzika saa nzima hatapata zaidi ya 20.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni: katika kipindi chochote, maombi yanayopita hayawezi kuzidi ujazo wa ndoo pamoja na vibali vilivyoingia katika kipindi hicho. Kwa sekunde mbili, mpaka ni 20 na 1, yaani 21, wala si 60.

Seva haina haja ya kutia kibali kimoja kimoja. Hutunza namba mbili tu kwa kila anwani, yaani idadi ya vibali na saa ya hesabu iliyopita, na hukokotoa pale ombi linapofika:

```
vibali = min(ujazo, vibali + (sasa - mwisho) * kasi)
mwisho = sasa
if vibali >= 1:
    vibali = vibali - 1
    pitisha()
else:
    kataa(429)
```

Namba 429 ndiyo jibu lililowekwa rasmi mwaka 2012 kumjulisha mtumiaji kwamba amepeleka maombi mengi mno. Anayelipata hana budi kungoja. Akirudia papo hapo hataongeza kibali hata kimoja.

Kasoro za vipimo hutambulika kwa wakati wa kukataliwa. Ikiwa hata ukurasa wa kwanza baada ya mapumziko marefu una pengo, ujazo ni mdogo: ndoo ya vibali 10 haitoi kamwe ukurasa wa maombi 12 yanayofika pamoja, hata kasi ya kujaza ikiongezwa maradufu. Ikiwa ukurasa wa kwanza hutimia na zinazofuata hupungukiwa, kasi ndiyo ndogo. Upo pia ubaya usioponywa na vipimo hivi. Mitandao ya simu mara nyingi huwapitisha wateja wengi katika anwani moja. Hapo karani wa Kawajense hushirikiana ndoo na watu asiowajua, naye huweza kukataliwa kwa ombi lake la kwanza. Dawa ni kuitoa ndoo kwa akaunti ya mtumiaji, si kwa anwani.

Sasa tuje kwenye istilahi. Neno *tokeni* tayari limeshika maana nyingine kwa Watanzania: ni namba anayoingiza mteja katika mita ya LUKU ili apate umeme. Msomaji atadhani kuna kitu cha kununua. Kwa hiyo tunapendekeza *kibali*, ambalo linaonyesha kazi yenyewe, na dhana nzima iitwe *ndoo ya vibali*. Kwa wingi wa ghafla tunapendekeza *mkupuo*, neno linalojulikana na kila aliyewahi kulipwa fedha zake zote kwa mara moja. *Mfuriko* halifai, maana linaashiria maafa, ilhali mkupuo ulio ndani ya ujazo ni halali.

Mfasiri aangalie pia asichanganye *ujazo* na *ujazaji*. La kwanza ni kadiri ambayo ndoo inaweza kuchukua. La pili ni tendo la kutia. Aliyeandika "kasi ya ujazo" amechanganya vipimo viwili ambavyo, kama tulivyoona, dalili zake ni tofauti na dawa zake ni tofauti.

Mwisho, ndoo ya vibali isichukuliwe kuwa ndiyo *ndoo inayovuja*. Katika hiyo ya pili, ikitumiwa kama foleni, yaliyomo ndani ni maombi yenyewe, nayo hutoka tundu la chini kwa mwendo mmoja, hata yakiingia kwa wingi. Ndoo inayovuja hulainisha mkupuo. Ndoo ya vibali huuruhusu, kisha huuwekea mpaka. Mfasiri ajiulize kwanza: ndani ya ndoo mna nini? Akijibu hilo, neno la kutumia litajulikana.