Shingo Iliyokaza Alfajiri: Ipi ya Kukandwa, Ipi ya Kukimbizwa Hospitali

Achukuliwe kwa mfano mvuvi wa Msuka, kaskazini mwa Pemba, aliyelala dagoni kwa ubavu wa kushoto, kichwa chake kikiwa juu ya bunda la nyavu. Alilala mzima, alfajiri hawezi kugeuza uso upande wa kulia. Katika sala, salamu ya kushoto haimpi taabu, lakini ile ya kulia inambidi ageuke na mabega yote. Maumivu yako upande mmoja tu, kuanzia chini ya fuvu hadi juu ya bega. Hana homa, na akiinamisha kichwa, kidevu kinafika kifuani, ingawa kwa kuvuta kidogo.

Bunda lile lilikuwa refu kupita upana wa bega lake. Kwa saa nyingi shingo ilipinda upande mmoja, viungo vidogo vya pingili vikabanwa, na misuli inayovizunguka ikajikaza kana kwamba inavilinda. Ndiyo maana shingo hukataa upande mmoja na kukubali mwingine.

Homa ya uti wa mgongo hufanya vingine. Utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo ukivimba, kila mwendo unaouvuta huumiza, na mwendo unaouvuta zaidi ni kuinama. Mgonjwa huyu huenda akageuza uso kulia na kushoto bila taabu kubwa, lakini kidevu hakifiki kifuani, na mhudumu akijaribu kumwinua kichwa akiwa amelala chali, shingo hukataa. Pamoja na hayo huja homa, kichwa kikali, kutapika, kuchukia mwanga, usingizi usio wa kawaida au maneno yasiyoeleweka. Mhudumu aulize kwanza kama mgonjwa amekwisha kunywa parasetamoli, kwani kipimajoto kinaweza kuonyesha joto la kawaida kwa sababu hiyo tu. Kwa mtoto mchanga shingo huenda isikaze kabisa. Atazamwe utosi uliovimba, kukataa kunyonya na kilio kisichotulizika. Dalili hizi hazingojei kukuche. Safari ya kwenda hospitali ikitazamiwa kuchelewa, dozi ya kwanza ya seftriaksoni, kama ipo kituoni, itolewe kabla ya kuondoka.

Shingo inayokaza pamoja na taya, hasa kwa mwenye kidonda, huenda ikawa pepopunda. Kichwa kilichopasuka ghafla kwa maumivu makali kuliko yote aliyowahi kuyapata mtu, kisha shingo ikakaza, huweza kuwa damu inayovuja kuzunguka ubongo. Na mchumaji aliyeanguka kutoka mkarafuuni, au mtu aliyepiga mbizi akagonga kichwa, asiinamishwe shingo kwa kupimwa wala asikandwe. Alazwe sawa, kichwa kisitikisike, mpaka afike hospitali. Udhaifu au ganzi ya mkono au mguu pia si mambo ya mto.

Mvuvi wetu hana lolote kati ya hayo, basi dawa yake iko nyumbani. Kitambaa kichovywe katika maji ya moto, kikamuliwe, kijaribiwe kwanza ndani ya mkono wa anayekanda, kisha kiwekwe shingoni na begani kwa dakika 15 hadi 20. Mwenye ganzi ya ngozi, kama baadhi ya wagonjwa wa kisukari, huungua bila kujua, hivyo asiachiwe apime joto mwenyewe. Misuli ikilegea, akae wima na kugeuza uso polepole mpaka pale maumivu yanapoanza, si kuyapita, arudi katikati. Mara 5 kila upande, na arudie kila baada ya saa mbili au tatu. Kulala siku nzima bila kuisogeza huzidisha ukakamavu. Kubaya zaidi ni kuitwa fundi wa kuchua aishike taya na kuizungusha shingo kwa nguvu mpaka ilie: mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unaweza kuchanika ndani, na kiharusi kikafuata. Shingo ya kulala vibaya kwa kawaida hulegea ndani ya siku chache. Ikipita wiki bila nafuu, apimwe.

Usiku unaofuata kinachohitaji kubadilika ni kimo cha mto. Anayelala kwa ubavu anahitaji mto unaojaza nafasi iliyo kati ya sikio na ncha ya bega, ili pua ibaki mkabala na katikati ya kifua; anayelala chali anahitaji mwembamba zaidi. Anayelala kifudifudi hana mto wa kumfaa, kwa kuwa shingo yake hubaki imepindwa usiku kucha. Mto wa sufi uliozeeka hudidimia, na mpya mara nyingi huwa mrefu mno. Dagoni, kanga au shuka iliyokunjwa ni bora kuliko nyavu: kunjo huongezwa au kupunguzwa moja moja, na mwenzake akitazama kwa nyuma ataona kama kichwa kimenyooka sawa na mgongo.