Bei inapopanda bila wanunuzi

Mwaka 1963 Mmarekani Joseph Granville aliwapa wafanyabiashara wa hisa kipimo kiitwacho OBV. Leo kimo karibu katika kila programu ya chati za sarafu za kidijitali. Hesabu yake ni nyepesi: siku bei ikifunga juu kuliko jana, kiasi chote kilichouzwa na kununuliwa hujumlishwa, ikifunga chini, hutolewa.

Tuchukue mfano wa sarafu ya ukubwa wa kati inayoanzia dola 1.00. Siku ya kwanza inafunga dola 1.10, sarafu milioni 8 zikibadilishana mikono: OBV ni milioni 8. Kesho yake inashuka hadi 1.04 kwa milioni 13, na OBV inakuwa hasi milioni 5. Siku ya tatu inaruka hadi 1.15, lakini kwa milioni 6 tu.

Bei imevunja kilele chake. OBV imeishia milioni 1, mbali na ile 8. Mauzo ya siku ya pili yalikuwa mazito kuliko manunuzi ya siku yoyote kati ya zile mbili za kupanda, kwa hiyo kupanda huku hakujathibitishwa. OBV ingevuka milioni 8, habari ingekuwa nyingine.

Kasoro kubwa ni miamala ya kughushi, mtu akijiuzia mwenyewe ili soko lionekane limechangamka. Mwaka 2019 kampuni ya Bitwise ilidai asilimia 95 ya biashara ya bitcoin iliyotangazwa ilikuwa ya uongo. Basi linganisha OBV ya masoko mawili au matatu yanayoaminika, zikipingana, usinunue.